Fomu ya kuingia imefichwa na kizuia matangazo: uzime chote, jicho tu, au uruhusu kitu kimoja?

Jioni moja mpwa wangu alikaa kwenye laptopu yangu ili achapishe fomu ya malipo ya ada. Alifungua ukurasa wa chuo chake, akasubiri, kisha akaniita. "Mjomba, mbona hapa hakuna pa kuingilia?" Nikaenda kuangalia. Picha ya majengo ilikuwepo, taarifa za muhula zilikuwepo, na chini kabisa anwani na namba za simu. Lakini katikati, mahali pa kuandika namba ya usajili na nenosiri, palikuwa peupe. Kwenye simu yake ukurasa uleule ulikuwa mzima: visanduku viwili na kitufe cha buluu kilichoandikwa Ingia.

Simu yake ina Chrome isiyo na nyongeza yoyote. Laptopu yangu ina Firefox yenye uBlock Origin, kizuia matangazo ambacho Raymond Hill alikitoa mwaka 2014. Kizuizi kilikuwa kimedhani fomu ya chuo ni tangazo.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: hukiondoa kizuizi chote, au hubofya kitufe kikubwa cha kuzima na kusahau. Fomu inaonekana, kazi inaendelea. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa unaweza kuwa mpana mno kuliko fomu iliyohitaji kupita. Zipo njia nne za kuiruhusu tovuti moja, na hazilingani. Nitaziweka bega kwa bega nikitumia uBlock Origin, kisha nitaeleza zinavyokuwa kwenye Chrome, Brave na simu.

## Kufichwa si sawa na kuzuiwa

Huwezi kuchagua njia kabla hujajua kizuizi kimefanya nini, maana kinafanya kazi mbili tofauti.

Kazi ya kwanza ni kuzuia. Ukurasa unapofunguka, kivinjari hutuma maombi kwa seva nyingi: nipe picha hii, nipe skripti ile, nipe herufi hizi. Kizuizi hulinganisha kila anwani na orodha zake, na ile inayolingana na kanuni ya kuzuia haiombwi kabisa. Kitu hicho hakifiki kwenye kompyuta yako.

Kazi ya pili ni kuficha. Hapa kitu kimeshafika na kimo ndani ya ukurasa, ila kizuizi kimekiongezea agizo la kutoonekana. Kila kisanduku kwenye ukurasa hupewa jina la ndani na aliyeutengeneza, na orodha za kizuizi huyatazama majina hayo. Kanuni ya kuficha huandikwa hivi:

```
##.ad-box
```

Maana yake: popote utakapokuta kisanduku kinachoitwa `ad-box`, kifiche. Kabla ya alama mbili za reli hakuna jina la tovuti, kwa hiyo kanuni hii inagusa tovuti zote. EasyList, orodha iliyoanza mwaka 2005 na ambayo vizuizi vingi huitumia, ina maelfu ya kanuni za namna hii, na ndizo zinazosafisha kurasa za magazeti. Lakini kanuni haijui nia ya mtu. Fundi wa ukurasa akifupisha neno la Kiingereza la udahili kuwa `ad`, sanduku lake la wanafunzi wapya linaingia kwenye wavu uleule wa matangazo ya biashara.

Dalili zinatofautiana. Kilichofichwa huacha nafasi tupu au hutoweka kabisa, huku ukurasa uliobaki ukifanya kazi bila shida. Kilichozuiwa huharibu utendaji: fomu unaiona, unaandika nenosiri, unabofya Ingia, na hakuna kinachotokea. Au kile kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti hakijitokezi. Au duara linazunguka bila kukoma. Au kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google kinakosekana kwa sababu skripti yake, inayotoka `accounts.google.com`, haikuletwa.

Ipo dalili nyingine inayowasumbua watu waliowasha orodha za ziada za kuondoa kero, zile zinazoitwa `Annoyances`. Ukurasa unaonekana wote lakini hausogei ukiuvuta. Mara nyingi hiyo ni taarifa ya kuki iliyofichwa: kidirisha hakionekani, lakini ukurasa bado umefungwa ukisubiri ukijibu. Orodha hizo haziji zikiwa zimewashwa, kwa hiyo kama hujawahi kuzigusa, pita.

## Thibitisha kwanza, na usome anwani

Kabla ya kuruhusu chochote, fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha la faragha. Kwenye Firefox ni `Ctrl+Shift+P`, kwenye Chrome ni `Ctrl+Shift+N`. Kwa kawaida nyongeza hazifanyi kazi humo mpaka wewe mwenyewe uziruhusu, kwa hiyo fomu ikionekana huko, umepata mshukiwa. Lakini bado ni mshukiwa tu. Dirisha la faragha pia halina kuki zako za zamani, na kuki iliyoharibika nayo huleta ukurasa mweupe. Rudi kwenye dirisha la kawaida, zima kizuizi kwa dakika moja, pakia upya. Fomu ikitokea, kesi imekwisha. Isipotokea, futa kuki za tovuti hiyo na ukiwashe tena kizuizi, maana hakikuwa na kosa.

Jambo la pili hapa ni anwani, na kwa hili nawasihi msifanye haraka. Ukurasa wa kuingia ndipo unapokabidhi nenosiri. Ukurasa wa bandia unaweza kukuambia "zima kizuia matangazo ili uendelee" kama unavyoambiwa na ukurasa halali. Mnamo Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba wahalifu wananunua matangazo kwenye matokeo ya utafutaji, wanajifanya kampuni zinazojulikana, na kumpeleka mtu kwenye kurasa zinazofanana na za kweli. Miongoni mwa ushauri wao ilikuwa ni kutumia kizuia matangazo unapotafuta. Kwa hiyo kama ukurasa unaotaka kuuruhusu uliufikia kwa kubofya tokeo la utafutaji au kiungo cha ujumbe, ufunge, uandike anwani kwa mkono wako, kisha uone kama tatizo bado lipo. Soma jina kutoka kulia: kile kilicho karibu na mwisho, kama `chuo.example`, ndicho chenye mwenyewe. Maneno yaliyotangulia mtu yeyote anaweza kuyapanga apendavyo, hata yakawa jina la benki yako.

Na tovuti ikikutaka uzime kizuizi kisha upakue programu ili uone fomu, ondoka.

## Njia nne bega kwa bega

Dirisha la faragha au kivinjari kingine. Hii haibadilishi chochote kwenye kizuizi. Unaingia, unamaliza shughuli, unafunga. Kwa tovuti unayoitembelea mara moja kwa mwaka, mathalani kuangalia matokeo ya mtihani, sioni sababu ya kujisumbua na nyingine. Udhaifu wake ni kwamba humo hakuna ulinzi wa kizuizi kwa tovuti yoyote utakayofungua, na ukifunga dirisha unatolewa kwenye akaunti. Kwa kazi ya kila siku inachosha.

Kitufe kikubwa. Bofya alama ya uBlock Origin, kisha ile alama kubwa ya kuwasha na kuzima. Pakia ukurasa upya. Kuanzia hapo kizuizi hakigusi chochote kwenye tovuti hiyo, wala kuficha wala kuzuia, na jina lake linaandikwa kwenye kichupo cha `Trusted sites` cha mipangilio. Ukishikilia `Ctrl` unapobofya, ruhusa inakuwa ya ukurasa huo mmoja badala ya tovuti nzima. Watu wachache wanajua hilo, na kwa ukurasa wa kuingia linafaa sana.

Uzito wa njia hii uko hapa: hujairuhusu tovuti peke yake, umewaruhusu pia wageni wote iliowaalika. Gazeti la mtandaoni linaweza kuita skripti kutoka kampuni nyingi za matangazo na vifuatiliaji, na ukibofya kitufe kikubwa wote wanaingia pamoja, hata wale ambao mwenye gazeti hakuwachagua mmojammoja. Kwa ukurasa wa benki au wa ofisi ya kodi, ambako kwa kawaida hakuna matangazo ya watu wengine, wageni ni wachache na gharama ni ndogo. Kwa tovuti inayoishi kwa matangazo, umeondoa karibu kila kitu ulichosakinishia kizuizi.

Kitufe hiki kina makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni majina ya matawi. Ukiruhusu `portal.chuo.example`, na ukibofya Ingia ukahamishiwa `login.chuo.example`, hapo kizuizi kiko macho tena. Utaona kama ruhusa haikushika, kumbe iko kwenye tawi jingine. Ukiandika `chuo.example` kwenye `Trusted sites`, matawi yote yanafunikwa. La pili ni kuandika humo anwani ya mgeni. Mtu anagundua kwamba kisanduku cha kuthibitisha kinatoka `hcaptcha.com`, anaiandika kwenye orodha, na hakuna kinachobadilika. Orodha hiyo huangalia ukurasa uliopo juu, ule unaousoma kwenye mstari wa anwani, haiangalii mgeni aliyeitwa ndani yake.

Jicho. Ndani ya kidirisha cha uBlock Origin, ukifungua sehemu ya chini kwa `More`, kuna mstari wa alama ndogo, na mojawapo ina umbo la jicho. Ukiibofya, unazima kuficha tu kwenye tovuti hiyo. Kuzuia kunaendelea kama kawaida: skripti za matangazo haziombwi, vifuatiliaji haviletwi. Kufuli dogo likijitokeza, libofye ili uamuzi ubaki hata baada ya kufunga kivinjari.

Mimi hii ndiyo ninayoijaribu kwanza kila fomu inapotoweka. Hasara yake ni ya macho tu: utaona visanduku vitupu pale matangazo yalipotakiwa kukaa, na labda vibandiko vya "jiunge na jarida letu". Hakuna kipya kinachopelekwa kwa mtu wa tatu. Ila haisaidii kabisa kama kitu kimezuiwa.

Kanuni moja ya ruhusa. Unatafuta hasa kitu gani kimefichwa au kuzuiwa, kisha unakiandikia ruhusa hicho peke yake, kwenye tovuti hiyo peke yake. Ni njia nyembamba kuliko zote. Ni kazi ya dakika kumi mara ya kwanza, na inahitaji utulivu wa kusoma kinachoandikwa kwenye skrini.

| Njia | Kinachofunguliwa | Inatibu kufichwa? | Inatibu kuzuiwa? | Inafaa wapi |
|---|---|---|---|---|
| Dirisha la faragha | Kila kitu, kwa muda | Ndiyo | Ndiyo | Shughuli ya mara moja |
| Kitufe kikubwa | Tovuti na wageni wake wote | Ndiyo | Ndiyo | Benki, serikali, chuo |
| Jicho | Vilivyofichwa tu | Ndiyo | Hapana | Fomu iliyotoweka |
| Kanuni moja | Kitu kimoja | Ndiyo | Ndiyo | Tovuti yenye matangazo unayoingia kila siku |

## Tulivyoutibu ukurasa wa chuo

Nilibofya jicho, nikapakia upya, na sanduku la kuingia likajitokeza palepale. Mpwa wangu akaandika namba ya usajili na nenosiri, akabofya Ingia. Kimya. Akabofya tena. Kimya. Kumbe ukurasa ulikuwa na matatizo yote mawili, kufichwa na kuzuiwa, na jicho lilikuwa limetibu nusu.

Ningeweza kubofya kitufe kikubwa hapo na kumaliza. Kwa ukurasa wa chuo lisingekuwa kosa. Lakini ukurasa ule ulikuwa na kisanduku cha mtandao wa kijamii pembeni na vifuatiliaji kadhaa, na mpwa angekuwa anaufungua kila wiki kwenye laptopu yangu. Nikaona tuandike kanuni.

Kwanza nilirudisha jicho lilivyokuwa. Kisha, kwenye kidirisha cha uBlock Origin, nikafungua daftari lake la kumbukumbu, linaloitwa `Logger`. Utaratibu una umuhimu wake: daftari lifunguliwe kwanza, ukurasa upakiwe baadaye, maana huandika yanayotokea likiwa wazi. Nikapakia. Mistari ikamiminika. Mingi haikuhitaji kusomwa. Nilikuwa natafuta ya aina mbili: yenye alama za reli, ambayo inaonyesha kilichofichwa, na ile yenye rangi nyekundu, ambayo inaonyesha kilichozuiwa.

Wa reli ulikuwa mmoja tu, `##.ad-box`. Nikabofya kulia kwenye nafasi nyeupe ya ukurasa, nikachagua `Inspect`, na kweli fomu ilikuwa imo ndani ya kisanduku chenye jina hilo.

Myekundu ilikuwa sita. Hapa ndipo watu hukosea kwa kuiruhusu yote. Njia ya kuchuja ni kujiuliza kila anwani ni ya nani. Minne ilikuwa ya kampuni za takwimu na mtandao wa kijamii, haina uhusiano wowote na kuingia. Wa tano ulikuwa picha ya nukta moja, ile inayowekwa kuhesabu watu wanaofungua ukurasa. Wa sita ulikuwa skripti kutoka kwenye seva ya chuo chenyewe, ikiitwa `clicktrack.js`. Jina linasikika kama kifuatiliaji, na ndiyo maana lilizuiwa, lakini linatoka nyumbani. Nikabofya jicho tena na kupakia upya ili fomu ionekane, nikafungua zana za kivinjari kwa `F12`, kichupo cha `Console`, nikabofya Ingia tena. Kosa jekundu likatokea, likisema kwamba kazi iliyoitwa na kitufe haipo. Fundi alikuwa ameweka kazi ya kitufe cha Ingia ndani ya faili lilelile linalohesabu mibofyo.

Ukitaka kuthibitisha bila daftari, kichupo cha `Network` cha Firefox humtaja mhusika moja kwa moja kwenye mstari wa ombi: `Blocked By uBlock Origin`. Kwenye Chrome, `Console` huandika `net::ERR_BLOCKED_BY_CLIENT`. Maneno hayo yana maana kwamba ombi limekataliwa na kompyuta yako. Seva ya chuo haina hatia. Ukiona makosa ya namba kama 403 au 500, hayo yametoka kwenye seva, na hakuna kanuni ya kizuizi itakayoyaponya.

Nikarudisha jicho lilivyokuwa, nikafungua mipangilio, kichupo cha `My filters`, nikaandika mistari miwili na kubofya `Apply changes`. Majina ya tovuti nimeyabadilisha:

```
portal.chuo.example#@#.ad-box
@@||cdn.chuo.example/js/clicktrack.js$script,domain=portal.chuo.example
```

Mstari wa kwanza unatibu kufichwa. Alama ya `@` katikati ya reli inageuza amri: kwenye tovuti hii, usikifiche kisanduku hiki. Kwingineko kote kanuni ya awali inaendelea. Mstari wa pili unatibu kuzuiwa. Zile `@@` za mwanzoni ni ruhusa, kinachofuata ni anwani ya faili, na baada ya alama ya dola kuna masharti mawili: liwe skripti, na liwe limeitwa na ukurasa wa `portal.chuo.example`. Sharti la `domain=` ndilo linalofanya ruhusa iwe salama. Ukilisahau, umeliruhusu faili hilo kwa tovuti yoyote itakayoliita. Kwa faili la chuo madhara ni madogo. Kwa faili la kampuni ya matangazo inayohudumia maelfu ya tovuti, umeifungulia mtandao mzima kwa ajili ya fomu moja.

Tukapakia upya. Fomu ikaonekana, kitufe kikaitikia, na mistari mitano myekundu iliyobaki ikaendelea kuwa myekundu. Mpwa akachapisha karatasi yake.

Laiti ningekuwa sina muda, ningeanza na kitu kingine kabisa: kichupo cha `Filter lists`, kitufe cha `Update now`. Orodha hizi hutengenezwa na watu wanaopokea malalamiko na kurekebisha makosa, na kanuni iliyovunja ukurasa jana inaweza kuwa imeshaondolewa leo. Ndani ya kidirisha cha uBlock Origin pia kuna alama ya kuripoti tatizo la ukurasa. Ukiitumia, marekebisho yakikubaliwa yatawafikia wanafunzi wenzake wote wanaotumia orodha hiyo, hata wasiojua `Logger` ni nini.

## Chrome, Brave na simu

Kwenye Chrome mambo yamebadilika. Mwaka 2025 Chrome iliacha kuendesha uBlock Origin kamili, na waliobaki huko wengi wanatumia uBlock Origin Lite. Hii haina daftari wala jicho, badala yake ina kitelezi chenye ngazi nne kwa kila tovuti: bila kuchuja, `basic`, `optimal` na `complete`. Fomu ikitoweka ukiwa kwenye `complete`, shuka hadi `optimal` na upakie upya, maana kanuni za kuficha zinazogusa tovuti zote, za aina ya `##.ad-box`, ziko kwenye ngazi ya juu. Ikishindikana, shuka `basic`. Ngazi ya mwisho, bila kuchuja, ni sawa na kitufe kikubwa, na uzito wake ni uleule nilioueleza. Mtu anayeingia kila siku kwenye tovuti zenye matangazo mengi na anataka kuruhusu kitu kimojakimoja, kwa maoni yangu Firefox inamfaa zaidi.

Brave ina kizuizi chake cha ndani. Bofya alama ya simba kwenye mstari wa anwani na uzime `Shields` kwa tovuti hiyo. Ni kitufe kikubwa kwa sura nyingine. Firefox nayo ina ngao yake pembeni ya anwani, inayofanya kazi hata bila nyongeza yoyote. Ukiwa umeiweka kwenye `Strict`, inaweza kuvunja kitufe cha kuingia kwa Facebook, na hapo utamlaumu uBlock bure. Zima ngao kwa tovuti hiyo na ujaribu.

Kwenye simu ni hadithi nyingine, na inawachanganya wengi. Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, na yote niliyoandika yanawezekana humo, ingawa kusoma `Logger` kwenye kioo kidogo ni mateso. Lakini wengi hawana nyongeza yoyote. Wameweka anwani kama `dns.adguard-dns.com` kwenye mpangilio wa `Private DNS`, ambao Android imekuwa nao tangu toleo la 9. Kizuizi cha namna hii hufanya kazi kabla ya kivinjari: simu inauliza seva fulani iko wapi, na inajibiwa kwamba haipo. Hakijui uko kwenye tovuti gani, hivyo hakiwezi kuruhusu tovuti moja tu. Ukiruhusu jina la seva, umeliruhusu kwa kila programu iliyomo kwenye simu. Pia hakiwezi kuficha chochote ndani ya ukurasa, kwa hiyo sanduku lililotoweka huku maandishi yaliyobaki yakiwa sawa halitokani nacho.

Utakigundua hivi: umezima vizuizi vyote vya kivinjari, umebadilisha kivinjari, na kitufe bado hakiitikii, ila ukiweka `Private DNS` kwenye `Off` kila kitu kinarudi. Basi ingia, maliza shughuli, kisha iwashe tena. Ukiona unaizima kila siku kwa ajili ya tovuti moja, afadhali uiache imezimwa na utumie kizuizi cha kivinjari, ambacho angalau kinajua ukurasa mmoja kutoka mwingine.

## Ruhusa nazo huzeeka

Kila baada ya miezi michache nafungua `Trusted sites` na `My filters` na kusoma kilichomo. Tovuti ya zamani ikifa, jina lake linaweza kununuliwa na mtu mwingine, na ruhusa yako itamkuta humo. Ninaiondoa kwa kufuta mstari na kubofya `Apply changes`, kisha nafungua ukurasa kuona kama bado unahitaji msaada.

Muhula uliofuata chuo kilibadilisha ukurasa wake. Sanduku la kuingia likapewa jina jingine na `clicktrack.js` haikuitwa tena. Mpwa wangu aliingia siku hiyo bila kuniita, na jioni nikafuta mistari yote miwili.